Sabuni Kwanza, Kisha Tonge

Tulipotafuta kaulimbiu ya kunawa mikono, tulipendekezewa mbili: "Mikono michafu huua" na "Acha uchafu". Ya kwanza humtia mama hofu, ya pili humvunjia heshima. Wala hazimwambii anawe lini. Kule India, kampeni ya SuperAmma, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014, haikutaja maradhi. Ilimwonyesha mama amleaye mwanawe kwa adabu njema. Baada ya miezi 6, kunawa kwa sabuni kulifika asilimia 37; katika vijiji visivyofikiwa, 6 tu. Nasi tukachagua: "Sabuni kwanza, kisha tonge." Yataja kitu na wakati wake, haimnyooshei mtu kidole. Ila sabuni ikae penye birika na tasa, isifungiwe kabatini kungojea wageni.