Lenzi ya Kagongwa na pembe saba

Rumeti wangu alitaka kutoa bumu lake kwa lenzi ya mtumba ya jamaa wa Kagongwa. Kwenye picha alizotumiwa, mbele pameandikwa Canon EF 50mm 1:1.8 II, ila nyuma, inapofungwa kwenye kamera, ni chuma.

Sasa sikieni. Toleo la II, la mwaka 1990, lina plastiki pale. Lenye chuma ni lile la kwanza la 1987, na lenyewe lina kidirisha cha kusomea umbali. Hii haina. Yongnuo nao walitoa yao inayofanana kabisa na II, yenye chuma.

Tusimhukumu jamaa bado, maana fundi anaweza kubadilisha plastiki akaweka chuma. Namba iliyochongwa huigwa, na mng'ao wa rangi kwenye kioo zote mbili zinao.

Tukamwomba apige taa za usiku kwa f/4, fokasi ikiwa karibu ili taa zitoke ukungu. II ina visu vitano ndani, hivyo taa hutoka na pembe 5. Yongnuo ina saba.

Picha ikaja. Tukahesabu: saba. Bumu limebaki mfukoni.