Barua kwa Ofisi ya Wilaya

Mwanafunzi aliyelelewa katika urasimu wa Tanzania anapofika Johannesburg huja na barua yake kichwani. Ina «Yah:» iliyopigiwa mstari na ile sentensi ya kuanzia, «Husika na kichwa cha habari hapo juu». Kwetu, chuo ndicho kinachomtambulisha mtafiti kwa Katibu Tawala wa Mkoa, na karatasi hushuka kutoka mkoa hadi wilaya, kisha kwa mtendaji wa kata. Anayebeba bahasha si lazima aeleze mengi. Muhuri umekwisha kumsemea.

Johannesburg muhuri hausemi. Ukitaka kufanya utafiti katika shule za serikali, unaanzia Idara ya Elimu ya Mkoa wa Gauteng kwa kujaza fomu ya maombi na kuambatisha andiko la utafiti pamoja na zana zote za kukusanyia data. Wilaya ya elimu inafuata. Jiji hili limegawanywa katika wilaya za elimu kadhaa, na barua ya idhini ya mkoa ina masharti: nakala ionyeshwe kwa wilaya, kisha kwa mwalimu mkuu na bodi ya shule. Kila mmoja wao bado anaweza kukataa. Kwa hiyo barua kwa wilaya haina budi kujieleza yenyewe.

Mwaka mmoja nilimsimamia mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyetaka kuwarekodi watoto wa familia za Kongo, wanaozungumza Kiswahili nyumbani na Kiingereza darasani. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili, na moja na nusu ilihusu nadharia. Nilimwomba aisome kama afisa wa wilaya mwenye mafaili thelathini mezani. Afisa huyo anauliza mambo machache: unataka watoto wangapi, kwa muda gani, saa ngapi, na nani atabaki nao? Rasimu ya pili ilijibu hayo katika aya moja, ambayo kwa Kiswahili ingesomeka hivi: «Naomba kuzungumza na wanafunzi 12 wa darasa la nane, kila mmoja mara moja kwa dakika 40, baada ya masomo, shuleni, mwalimu akiwa karibu. Vifaa na nauli ni juu yangu.»

«Baada ya masomo» si adabu tu. Masharti ya mkoa yanakataza utafiti kuvuruga ratiba ya shule, na yanataka kazi ianze si kabla ya wiki ya pili ya Februari, ikamilike kabla ya muhula wa nne, ambao ni wa mitihani. Mwanafunzi ambaye andiko lake limepitishwa Mei, na idhini ya kamati ya maadili ya chuo ikatoka Julai, amebakiwa na wiki chache tu. Chelewa kidogo, na mwaka umekwenda. Tena karatasi hizi zina tabia ya kuzungushana: kamati ya maadili inaweza kutaka kuona idhini ya idara, na idara ikataka kuona idhini ya kamati. Njia ya kutokea ni kuiomba kamati idhini ya masharti, kisha barua iseme wazi kwamba hakuna mtoto atakayehojiwa kabla karatasi zote hazijakamilika.

Hatari kubwa zaidi ilikuwa katika maneno mawili. Rasimu iliwataja wahojiwa kuwa «watoto wahamiaji», na fomu ya ridhaa ya wazazi, iliyonakiliwa kutoka kiolezo cha zamani, ilikuwa na mstari wa namba ya kitambulisho. Katika jiji ambalo mzazi asiye na karatasi huogopa hata kubisha hodi ofisini, mstari ule ungetosha kuwafukuza wote. Ungeweza pia kuiachia shule orodha ambayo haikuitaka, yenye majina ya wale ambao hawakuweza kuujaza. Utafiti ulihusu lugha, na hali ya ukaazi haikuwa na kazi humo. Mstari ukafutwa. «Watoto wahamiaji» wakawa «wanafunzi wanaotumia Kiswahili nyumbani», na barua ikaongeza kwamba hakuna swali litakaloulizwa juu ya uraia, wala jina la shule halitachapishwa.

Fomu ya wazazi iliandikwa pia kwa Kiswahili, lakini mama mmoja wa Bukavu aliisoma kwanza akabadilisha maneno yaliyosikika ya Dar es Salaam mno. Hapo ndipo mipaka ya kibali inapoonekana. Wilaya inafungua lango la shule, lakini ridhaa ni ya mzazi, na mtoto mwenyewe lazima aulizwe. Barua inayodai kwamba wilaya «imeruhusu wanafunzi kushiriki» imeomba kisicho mali ya wilaya.

Jibu lilikuja, na wazazi tisa kati ya kumi na wawili walitia saini. Mwanafunzi aliniuliza kama aiandikie wilaya upya kuomba shule nyingine ili kujaza idadi. Nilimwambia abaki na tisa, na katika sura ya mbinu aandike kwamba watatu walikataa, bila kukisia sababu.