Koko na rafiki hawaombwi sawasawa



Binti wa mmoja wetu ameolewa Korea ya Kusini, na anaishi nyumba moja na koko wa bwana wake. Juma lililopita alitupigia simu akilia. Alikuwa jikoni na sufuria nzito mkononi, akamwambia koko: “Dowajwo”, yaani “nisaidie”. Koko alimsaidia, lakini hakumsemesha tena mpaka usiku. Na neno lenyewe binti alilisikia kwa bwana wake, ambaye humwambia koko vile kila siku!

Tulimwomba atutafsirie “nisaidie” mara mbili, ya rafiki na ya koko. Ya rafiki ni “dowajwo”. Ya koko ni “dowajuseyo”. Kwetu neno ni lile lile; heshima tunaiweka katika “mama”, katika “tafadhali”, katika sauti. Wakorea wanaiweka mwishoni mwa kitenzi. Ukimwita koko kwa sauti tamu kisha ukamalizia na “dowajwo”, bado umemwomba kama mtoto mwenzako.

Tulidhani ni kama “tu” na “vous” za Kifaransa cha shuleni. Hapana, kuna zaidi. Katika “dowajuseyo”, “yo” ya mwisho inamheshimu anayekusikiliza, na “se” inamheshimu anayefanya kazi. Ukimwomba koko, yeye ndiye anayesikia na ndiye atakayefanya, kwa hiyo vyote viwili vinamwendea. Lakini vinaweza kuachana. Ukimwambia rafiki kwamba koko amekuja, unasema “halmoni osyosso”: koko anapata heshima yake ndani ya kitenzi hata kama hayupo karibu, ila “yo” haipo kwa sababu anayesikia ni rafiki. Ukimwambia koko kwamba rafiki amekuja, unasema “chingu wassoyo”: “yo” ni ya koko, na rafiki hapati kitu.

Sasa, yule bwana? Mjukuu aliyelelewa mikononi mwa koko anaweza kuacha “yo”, na koko anasikia mapenzi. Mke wa mjukuu ameingia akiwa mtu mzima. Kwake maneno yale yale ni dharau. Ndiyo hatari ya kujifunzia lugha kwa bwana. Hata “chingu”, rafiki, kwao ni hasa mtu wa umri wako, ndiyo maana Wakorea huulizana umri mapema, nasi tulikuwa tunaona ni udaku.

Tulimwonya pia juu ya “wewe”. Kuna neno “dangsin”, lakini kumwambia koko hivyo ni kutafuta ugomvi. Anaitwa “halmoni” tu, kila mara.

Kesho yake asubuhi binti alisimama mlangoni mwa jikoni akasema: “Halmoni, dowajuseyo.” Koko hakujibu. Alivuta kiti, akachukua kisu, akaanza kumenya vitunguu saumu pamoja naye.