Nyumba Yetu, Makazi ya Mama

Mama alipotupa nyumba yake ya Musoma, aliomba aishi humo hadi Mungu amwite. Tulikubali kwa mdomo, tukarudi Bunda na Butiama. Mwanasheria akatuonya: hati ikiwa na majina yetu pekee, siku tukiiuza au kuiweka rehani, mnunuzi hataona haki ya Mama popote.

Kwa hiyo tuliandika mikataba miwili. Wa kwanza ni wa zawadi. Wa pili, sisi wamiliki tunampangisha Mama nyumba hiyo “kwa muda wa uhai wake”, bila kodi. Paa na kuta tunatengeneza sisi. Huo tukausajili kwa Msajili wa Hati. Anayefanya upekuzi sasa anaona jina lake.