"Tumeuza" au "mmenunua"? Vile tuliandika asante ya chupa 1,000

Wiki iliyopita chupa yetu ya 1,000 ya pinati bata ilitoka jikoni hapa Kisumu. Tuko watu watatu tu. Kuna dada anayechambua na kukaanga njugu, kuna kaka wa boda anayezipeleka, na kuna mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili, ambaye hupiga picha, huandika posti na kujibu meseji za saa tano usiku. Nilitaka kusema asante kwa posti ya slaidi. Lakini unajua vile posti za asante huwa. Mtu anaanza na "asante sana familia", ukifika slaidi ya tatu unagundua anajipigia makofi mwenyewe.

Nikakaa chini nikajiuliza majivuno huingilia wapi. Jibu nililipata kwa herufi moja. Kwa kawaida Kiswahili huweka mtendaji mwanzoni mwa kitenzi, kwa hivyo si rahisi kumficha. Soma hizi mbili: "Tumefikisha chupa 1,000." "Mmetufikisha chupa ya 1,000." Habari ni ile ile, lakini ya kwanza inatuangalia sisi, na ya pili inakuangalia wewe uliyetoa pesa yako. Basi nikaweka sheria: kila slaidi, tazama kitenzi. Kama kila kimoja kinaanza na "tu" au "ni", hiyo si asante, ni ripoti ya ushindi.

Jambo la pili lilikuwa nambari gani itangulie. Chupa moja tunauza Sh350, kwa hivyo ningeweza kuandika Sh350,000 kwa herufi kubwa. Zingeonekana poa. Lakini hiyo ni pesa iliyopita mkononi, si faida. Humo ndani kuna njugu, chupa tupu, lebo, gesi, kusaga na nauli ya boda. Msomaji haoni hizo. Na dada wa jikoni akisoma 350,000, atailinganisha na mshahara wake, na gesi haitakuwa kwa hesabu yake. Utakuwa umemshukuru na kumuumiza kwa slaidi moja. Tena wajomba watakumbuka harambee yao siku hiyo hiyo. Kwa hivyo tulihesabu chupa, si shilingi. Na bonasi ya hao wawili ilitoka Jumamosi, kabla ya posti, na haimo kwa slaidi yoyote. Asante ya mkono kwanza, ya skrini baadaye.

Sasa slaidi zenyewe. Tangu 2024 Instagram inakubali hadi 20 kwa posti moja, lakini sisi tulitumia 6, kwa sababu shukrani ndefu sana huanza kufanana na risala ya mheshimiwa.

Ya kwanza ni picha ya chupa tupu, iliyokwanguliwa hadi chini, kijiko bado kimo ndani. Chupa iliyojaa ni tangazo, lakini tupu inasema kuna mtu alikula. Maneno ni yale tu: "Mmetufikisha chupa ya 1,000."

Ya pili lazima isimame peke yake. Mtu akipita posti yako bila kuswaipu, Instagram mara nyingi humwonyesha tena baadaye ikianzia slaidi ya pili. Kama umeandika "na si hayo tu…", huyo mtu hataelewa kitu. Sisi tuliandika: "Chupa 1,000 za pinati bata hazikuenda kwa watu 1,000. Zilienda kwa watu 340, kwa sababu wengi wenu mlirudi." Hiyo nambari ilitoka kwa daftari la oda, na nadhani ndiyo ya unyenyekevu kuliko zote. Inapunguza ukubwa wetu na kuongeza uzito wa mteja.

Ya tatu ni mikono ya dada wa jikoni ikiwa juu ya ungo. Hapa ndipo wengi huandika "asante kwa bidii na kujitolea", maneno ambayo unaweza kumpa mlinzi, rubani au kocha bila kubadilisha hata moja. Mtaje mtu kwa kazi anayoifanya. Tuliandika: "Mikono hii hutoa njugu zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu kabla hazijafika kwa sufuria. Sumukuvu huanzia kwa hizo, na kukaanga hakuimalizi." Mteja anajua sasa analindwa na nani. Uso wake haupo kwa picha kwa sababu nilimuuliza, akasema anapendelea mikono tu. Hiyo ilitosha.

Kuuliza si adabu tu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwaka wa 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilipiga klabu moja ya Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Ndiyo maana pia hatukuweka skrinshoti za meseji za M-Pesa kama ushahidi wa mauzo. Zina jina la mtu, na yeye alikuwa akilipia pinati bata, si kuomba umaarufu.

Ya nne ni ya kaka wa boda: "Msimu wa mvua, chupa zenu zilifika kavu kwa sababu alizifunga ndani ya koti lake, yeye akalowa." Sentensi moja. Nilimsomea kabla ya kupost. Akanyamaza kidogo, kisha akaomba nimtumie picha ampelekee mamake. Hapo nikajua imekaa sawa.

Ya tano ni ya mteja aliyeuliza mbona mafuta yanaelea juu. Pinati bata isiyo na vitu vya kuishikanisha hujitenga hivyo ikikaa. Swali lake ndilo lilileta maneno yaliyo kwa lebo leo: "Koroga kabla ya kupaka." Tukaandika: "Mstari huu mliuandika nyinyi." Jina lake tuliliweka baada ya yeye kukubali.

Ya sita ndiyo ilikuwa ngumu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mteja akiona unasherehekea, hofu yake ni hiyo hiyo: sasa wamekuwa wakubwa, wataanza kupunguza. Kwa hivyo slaidi ya mwisho inajibu hofu: "Chupa ya 1,001 ina gramu 400, kama ya kwanza. Njugu, chumvi kidogo, basi." Hakuna punguzo la bei, hakuna "oda sasa". Ukiweka ofa hapo, zile tano za mbele zinageuka kuwa chambo.

Utajuaje kama imefanya kazi? Usihesabu laiki, soma komenti. Zikiwa "hongera bosi" mfululizo, watu wamekuona wewe. Zetu za kwanza zilikuwa za wateja wakibishana nani alinunua mwanzo, na mmoja akidai mtoto wake peke yake amemaliza chupa kumi. Halafu kuna iliyosema tu, "Kumbe ndiye huyo wa boda, mpeni salamu." Salamu nimezifikisha.