Mawimbi ya Sauti na Kamera ya Nyuma ya Ukumbi

Sehemu kubwa ya maisha ya kazi ya mhariri anayesimuliwa humu ilipita Dar es Salaam, katika kuhariri video za harusi na za maonyesho ya taarabu yaliyorekodiwa kwa kamera tatu kwa pamoja. Kwa kuwa wapigapicha hawakuwasha kamera zao kwa wakati mmoja, wala saa za kamera hizo hazikuwiana, kazi ya kuoanisha klipu ilitegemea mawimbi ya sauti, yaani mchoro unaoonyesha sauti ikipanda na kushuka, ambao programu huulinganisha na michoro ya klipu nyingine hadi vilele vyake vikae pamoja. Ndiyo maana mhariri huyu hakukubali kamera yoyote izimwe maikrofoni, hata kama sauti yake ilikuwa mbovu, kwani klipu bubu haina mchoro wa kulinganishwa.

Wengi huridhika pindi vilele vinapokutana, ilhali sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, na picha huifikia kamera papo hapo. Kamera iliyosimikwa mita 34 kutoka kwenye spika husikia kila pigo likiwa limechelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, ambayo ni fremu mbili na nusu katika video ya fremu 25 kwa sekunde, fremu ikiwa ni picha moja tuli miongoni mwa zile zinazounda mwendo. Programu inapoivuta klipu hiyo nyuma ili sauti yake iafikiane na sauti iliyorekodiwa moja kwa moja kwenye mikisa, huivuta na picha pia, na matokeo yake mkono wa mpiga dumbaki huonekana ukigusa ngozi kabla mlio haujasikika. Mhariri aliitafuta kasoro hii kwa kukuza picha ya mkono huo na kuipitisha fremu kwa fremu, kisha akaisogeza klipu mbele kwa fremu mbili au tatu, jicho likiamua. Mwisho wa klipu ndefu nao ulikaguliwa vivyo hivyo, kwa kuwa vifaa viwili vinavyorekodi kwa saa nzima huweza kupishana polepole.

Baada ya hapo ndipo klipu zilipounganishwa kuwa klipu moja ya pembe nyingi, wimbo ukachezwa mfululizo huku vitufe 1, 2 na 3 vikibadilisha kamera, sauti ikibaki ile ya mikisa tangu mwanzo hadi mwisho. Mikato iliyochelewa, na kidole huchelewa karibu kila mara, ilirudishwa nyuma baadaye bila kuigusa sauti.

Kwa hesabu ya mhariri huyu, kila mita 14 hivi kutoka kwenye spika ni sawa na fremu moja. Kamera iliyo karibu zaidi ya hapo huachwa ilivyo.