Methali za Kivietnamu Kwenye Foronya za Bibi Harusi



Wengi mnatujua kwa mashuka na foronya za kutarizi. Sisi ni mafundi wenye asili ya Unguja, na kazi tunaifanyia Mbeya na Iringa. Huku bara tumepata wateja ambao hatukuwategemea. Ni Wavietnamu waliokuja kwa kazi za mitandao ya simu, maana Halotel, iliyoanza huduma nchini mwaka 2015, ni ya kampuni ya Viettel ya kwao. Dada zao huja kushonesha ao dai, lile vazi refu lenye mipasuo miwili kuanzia kiunoni, linalovaliwa na suruali ndani. Wakati wa kupima na kusubiri ndipo maneno hutoka, na watu hawa wana methali kama sisi watu wa pwani.

Tukaanza kuzitafutia wenzake za Kiswahili, kwa sababu mabibi harusi walizipenda na wakataka tuzitarizi. Hapo ndipo tulipoona kwamba kugeuza maneno ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kujua ile picha iliyomo ndani ya methali inafanya nini, kisha kutafuta picha ya kwetu inayofanya jambo lilelile.

Tuanze na hii: mbao nzuri ni bora kuliko rangi nzuri. Mtu wa Iringa haihitaji kuelezwa. Mufindi kuna msitu wa Sao Hill, misindano na milingoti inapandwa na kuvunwa, na kila mama anajua kitanda cha mbao mbichi kilichopakwa vanishi. Dukani kinang'aa, baada ya miezi michache kinapinda na kupasuka. Kwa hiyo huku unaisema methali kama ilivyo na unaeleweka.

Pwani tunayo yetu: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Maana ni moja, kwamba usidanganywe na sura. Lakini tazama vizuri. Kwa Mvietnamu, mbao ndiyo sifa na rangi ndiyo inayodharauliwa. Kwetu sisi, mkakasi umepambwa nje, na kile kipande cha mti ndani ndicho kinachodharauliwa. Mti kwao ni heshima, kwetu hapo ni dharau. Ukichanganya, ukamwambia bibi harusi "wewe ni mti, si rangi", mama yake wa Unguja atauliza mwanawe ametukaniwa nini. Chagua picha moja ukae nayo.

Ya pili inasema nyati mzito wa kwenda hunywa maji ya tope. Neno linalotega hapa ni nyati. Nyati wao ni mnyama wa kufugwa, anayelima mashamba ya mpunga, hata mtoto humpanda mgongoni. Nyati wetu yuko Hifadhi ya Ruaha, na hakuna anayetaka kukutana naye mtoni, awe mzito au mwepesi. Ukiandika nyati, msomaji ataogopa badala ya kujifunza. Lakini Usangu kule Mbarali watu wanalima mpunga na wana maksai wa kukokota jembe. Hapo methali inakaa: maksai mzito hunywa maji ya tope. Wenzake walishatangulia mtoni wakayavuruga.

Mwenzake wa Kiswahili ni nani? Wengi husema chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Hiyo ni nzito mno. Mwana akishakuwa si wako, umekosa kabisa. Yule maksai hakukosa maji, amekunywa, ila machafu. Kwetu fundi tofauti hiyo tunaiona kila ikikaribia Idd. Anayeleta kitambaa mapema anachagua lesi anayoitaka. Anayekuja siku za mwisho anashonewa pia, lakini kwa lesi zilizobaki. Huyo mwambie ngoja ngoja huumiza matumbo, ndiyo ya kiasi chake. Ile ya mwana mwachie aliyechelewa hadi posa ikaenda kwa mwingine. Kabla ya kulinganisha methali mbili, jiulize mwenye kosa anapoteza kiasi gani.

Ya tatu tumeipenda kwa sababu ya kazi yetu: ukijitahidi kunoa chuma, ipo siku kitakuwa sindano. Ina kisa chake, kinachosimuliwa China na Vietnam. Mtoto mvivu wa masomo alimkuta bibi kizee akisugua chuma kwenye jiwe. Akamuuliza anafanya nini, bibi akajibu kwamba anatengeneza sindano.

Wa kwanza kukujia mdomoni ni haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kinajaa kwa kuongezwa, na chuma kinakuwa sindano kwa kupunguzwa. Haba na haba inamfaa anayeweka akiba ya cherehani. Bandu bandu huisha gogo ina kupunguza ndani yake, ila mara nyingi hufuatwa na chovya chovya humaliza buyu la asali, na hapo inakuwa onyo kwa anayedokoa mtaji mpaka unakwisha. Ukimwambia hivyo mwanafunzi anayehangaika na vitundu vya vifungo, atadhani unamlaumu.

Iliyokaribia zaidi ni papo kwa papo kamba hukata jiwe. Kamba ya kisima ni laini, jiwe ni gumu, na kwa kupita palepale kila siku jiwe linaingia mfuo. Subira ipo, kupunguza kupo, na hakuna lawama. Kinachokosekana ni kimoja: mwisho wa kamba ni jiwe lililokatika, mwisho wa chuma ni chombo cha kutumia. Kwa hiyo kwa wanafunzi wa ushonaji tunaiacha sindano yenyewe, kwa kuwa wameishika mkononi. Kwa wengine tunasema kamba na jiwe.

Ya mwisho ndiyo ya ndoa. Mke na mume wakipatana, hata Bahari ya Mashariki wataikumba maji ikauke. Picha yake inatoka shambani. Kuna ndoo ya kamba wanayopandishia maji kwenye mpunga: mmoja husimama huku ameshika kamba mbili, mwingine kule ameshika mbili, wanaichota na kuirusha pamoja. Mmoja akivuta kabla ya mwenzake, maji yanamwagika. Ndiyo maana ya kupatana hapo, kuvuta kwa wakati mmoja.

Kwetu jifya moja haliinjiki chungu, na kidole kimoja hakivunji chawa. Zote zinasifu ushirikiano, lakini mafiga ni matatu na vidole ni vitano. Hakuna mke na mume ndani yake. Visiwani tunakumba maji ya chombo kinachovuja, ila mara nyingi ni mtu mmoja na kopo lake. Hatukupata methali yetu iliyoshika wawili, ndoo na bahari kwa pamoja.

Bibi harusi mmoja wa Iringa aliitaka hiyohiyo, kwa hiyo tuliitunga upya kwa mizani ya kwetu, silabi nane kwa nane: wakipatana wawili, bahari huikausha. Jina la bahari yao tuliliacha, kwani kila mtu ana bahari yake. Foronya moja tukatarizi "wakipatana wawili", ya pili "bahari huikausha". Mto mmoja ukiondolewa kitandani, maneno hayatimii.